Kuku wangapi wanatosha?

Mfugaji wa kuku wa nyama ana vyakula viwili mbele yake. Kimoja ni cha mfuko, ananunua dukani. Kingine anachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya na dagaa. Anataka kujua kipi kinakuza zaidi. Basi anatenga vifaranga 20, kumi wale cha dukani na kumi wale cha nyumbani, na siku ya 35 anawapandisha kwenye mizani mmoja mmoja. Waliokula cha dukani wana wastani wa gramu 1,720. Waliokula cha nyumbani, gramu 1,820.

Jirani aliyekuja kutazama hana shaka. “Si umeona mwenyewe? Gramu mia! Acha kupoteza hela dukani.”

Mwenye kuku anafurahi, na furaha yake inaeleweka, lakini mizani haijasema alichodhani imesema. Kuku waliokula chakula kilekile, kwenye banda lilelile, hawalingani uzito. Kuna jogoo na kuna tetea, na majogoo huwa wazito zaidi. Kuna kifaranga aliyeanza dhaifu, kuna mbabe asiyewapa wenzake nafasi kwenye chombo. Tuseme uzito wa kuku wa umri huu hutawanyika kwa mkengeuko sanifu wa gramu 200, yaani takriban theluthi mbili yao wako ndani ya gramu 200 juu au chini ya wastani wao. Sasa chukua kuku 20 wa namna hiyo, wote wamekula chakula kimoja, wagawe kwa bahati nasibu makundi mawili ya kumi kumi, kisha linganisha wastani. Hautakuwa sawa. Tofauti itakuwepo, na haina sababu nyingine ila nani aliangukia kundi gani.

Ukubwa wa tofauti hiyo ya bahati unakadirika. Watakwimu wanauita kosa sanifu la tofauti, na hesabu yake ni fupi: mkengeuko sanifu mara kipeuo cha pili cha mbili gawanya kwa idadi ya kuku katika kila kundi. Kwa kuku kumi kumi, ni 200 mara kipeuo cha pili cha 2/10, ambayo ni gramu 89. Maana yake, hata kama vyakula hivyo havipishani chochote, katika kila majaribio matatu ya namna hii moja hivi lingeonyesha tofauti ya gramu 89 au zaidi, upande huu au ule. Gramu mia za jirani ziko humo humo.

Swali la mfugaji basi lilipaswa kuja kabla ya vifaranga kununuliwa: ikiwa chakula kimoja kweli kinazidi kingine kwa gramu 100, nahitaji kuku wangapi ili jaribio langu liweze kuliona hilo? Hesabu ya kujibu swali hili ndiyo inayoitwa hesabu ya nguvu ya jaribio. Kila mpango wa utafiti wa tiba, wa mbegu au wa mifugo unaopelekwa kwa kamati ya maadili au kwa mfadhili huulizwa habari zake, na wanafunzi wengi huikuta kwa mara ya kwanza pale msimamizi anapoandika pembeni mwa karatasi: idadi hii umeitoa wapi?

Imetolewa kwenye makosa mawili ambayo jaribio lolote linaweza kufanya. La kwanza ni kutangaza tofauti isiyokuwepo. Kwa desturi, watafiti hukubali kosa hili litokee mara 5 katika 100. Ili kubaki ndani ya kiwango hicho wanaweka mpaka: tofauti iliyoonekana lazima izidi kosa sanifu karibu mara mbili, kwa usahihi mara 1.96, ndipo wakubali kwamba si bahati tu. La pili ni kinyume chake: tofauti ipo, lakini jaribio linapita bila kuiona. Nguvu ya jaribio ni uwezekano wa kutofanya kosa hili la pili. Mtafiti anaposema jaribio lake lina nguvu ya asilimia 80, anasema kwamba ikiwa tofauti aliyoitaja ipo kweli, jaribio lake litaigundua mara 80 katika 100. Mara 20 nyingine litaikosa, naye amekubali hivyo kabla hajaanza.

Turudi kwa zile 20. Kosa sanifu ni gramu 89, na kwa makundi madogo hivi mpaka hauwi 1.96 bali 2.10, kwa kuwa mkengeuko wenyewe unakadiriwa kutokana na kuku wachache. Kwa hiyo mfugaji hawezi kutangaza chochote mpaka aone tofauti ya gramu 188. Ikiwa ukweli ni gramu 100, tofauti atakayoipata itacheza huku na huku kuzunguka 100, na itavuka 188 kwa nadra. Nguvu ya jaribio lake ni kama asilimia 18 hivi. Wafugaji watano wangefanya kazi ileile kwa uangalifu uleule, na mmoja tu kati yao ndiye angeondoka na jibu.

Na huyo mmoja naye ana tatizo ambalo wengi hawalioni. Amevuka mpaka wa 188, basi tofauti atakayoitangaza ni gramu 188 au zaidi, karibu mara mbili ya ukweli. Jaribio dogo linakosa mara nyingi, na siku linapopata linatia chumvi. Ndiyo maana matokeo ya kusisimua kutoka kwa majaribio madogo hufifia pale mtu mwingine anapoyarudia kwa idadi kubwa. Si lazima mtu awe amedanganya. Mpaka wenyewe ulichuja na kuruhusu matokeo yaliyokuzwa tu.

Sasa tutafute idadi inayofaa. Tunataka mambo mawili kwa pamoja: mpaka ukae kosa sanifu 1.96 juu ya sifuri, na ukweli wetu wa gramu 100 ukae juu ya mpaka huo kwa kiasi cha kutosha ili mara 80 katika 100 matokeo yaangukie upande wa juu. Kiasi hicho cha pili, kwa asilimia 80, ni kosa sanifu 0.84. Jumlisha: 1.96 na 0.84 ni 2.8. Hesabu yote imo kwenye namba hiyo moja. Tofauti unayoitafuta lazima iwe kubwa kuliko kosa sanifu mara 2.8. Anayetaka nguvu ya asilimia 90 aweke 1.28 badala ya 0.84, apate 3.24.

Gramu 100 gawanya kwa 2.8 ni gramu 35.7. Kosa sanifu letu lazima lishuke kutoka 89 hadi hapo, na kitu pekee tunachoweza kukisogeza kwa sasa ni idadi ya kuku. Ukigeuza hesabu ya kosa sanifu, kila kundi linahitaji kuku wasiopungua mbili mara mraba wa 200 gawanya kwa 35.7, ambayo ni 63. Wale wanaofanya kazi hii kila siku hawapiti njia ndefu hiyo. Wanachukua mkengeuko, wanaugawa kwa tofauti wanayoitafuta, wanaupeleka kwenye mraba na kuuzidisha kwa 16:

```
n = 16 × (200 / 100)² = 64
```

Hii 16 si uchawi, ni mbili mara mraba wa 2.8 ikakamilishwa juu kidogo. Inafaa kwa kiwango cha asilimia 5 na nguvu ya asilimia 80 tu, lakini kwa kuwa hivyo ndivyo viwango vinavyotumika mara nyingi, inatosha kwa hesabu ya kichwani ukiwa kwenye kikao. Kwa karatasi rasmi kuna programu. Katika R, ambayo haiuzwi, mstari mmoja unatosha:

```
power.t.test(delta = 100, sd = 200, power = 0.80)
```

Kompyuta inajibu `n = 63.76576`. Hakuna kuku wa robo tatu, kwa hiyo unapanda hadi 64, na hiyo ni idadi ya kila kundi. Wapo wanaosoma jibu hilo wakadhani ni jumla ya makundi yote mawili, wakanunua vifaranga 64 wakavigawa nusu kwa nusu. Jumla ni 128. Ukibadilisha `power` kuwa 0.90, kila kundi linafika 86.

Kufikia hapa hesabu imekuwa laini kwa sababu nimeweka namba mbili mezani bila kuzitetea: gramu 100 na gramu 200. Kazi yenyewe iko kwenye kuzitetea, na kila moja ina hila zake.

Gramu 100 hazitoki kwenye takwimu. Zinatoka kwa mwenye kuku. Anapaswa kukaa na daftari lake na kujiuliza ni tofauti gani ndogo kabisa ambayo ingemfanya abadilishe chakula. Kuchanganya nyumbani kuna gharama zake: usafiri wa kufuata dagaa, kibarua wa kuchanganya, magunia yanayopata unyevu. Ikiwa gharama hizo zinameza faida ya gramu 60 za nyama, basi tofauti ya gramu 60 haimsaidii hata kama ni ya kweli, na hana sababu ya kulipia jaribio la kuigundua. Ikiwa gramu 100 ndipo biashara inapoanza kulipa, hiyo ndiyo tofauti yake.

Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume. Mtafiti ana fedha za kuku 40. Anafungua programu, anaweka gramu 100, anaambiwa 128. Anaweka gramu 150, bado ni wengi. Anaendelea kupandisha mpaka kompyuta itakapomwambia 40, kisha anaandika kwenye pendekezo kwamba tofauti yenye maana kwa mfugaji ni gramu 182. Kila namba kwenye karatasi yake inalingana na nyingine, na msomaji asiyejua kuku hawezi kumkamata. Anayejua kuku anamkamata kwa swali moja tu: ni chakula gani cha kawaida, kisichooza, kinachozidi kingine cha kawaida kwa gramu 182 ndani ya siku 35?

Upande wa pili, anayetaka kugundua tofauti ndogo analipa kwa mraba. Ukitaka gramu 50 badala ya 100, hauhitaji kuku mara mbili bali mara nne: 253 kila kundi. Ukitaka gramu 25, mara nne tena, zaidi ya elfu moja kila kundi. Kila safari tofauti inaponusishwa, bei inaruka hivyo, na hakuna ujanja wa kuipunguza kwa kuongeza kuku wachache wachache.

Ujanja uliopo uko kwenye namba ya pili, ile 200. Mkengeuko nao uko ndani ya mraba, lakini kwa faida yako. Kama sehemu kubwa ya mtawanyiko inatokana na majogoo na matetea kuchanganywa, basi jaribu majogoo peke yao, au gawanya kila jinsia sawasawa na uitie kwenye uchambuzi. Anza na vifaranga vya umri mmoja, kutoka mtotoleshaji mmoja. Pima saa ileile kwa wote, kwani kuku aliyetoka kunywa na kula hana uzito sawa na aliyekaa usiku kucha bila kitu. Mkengeuko ukishuka kutoka 200 hadi 150, kuku wanaohitajika kwa kila kundi wanashuka kutoka 64 hadi 37. Hakuna programu itakayokufanyia hivyo.

Ila mkengeuko huo unaujuaje kabla ya kufanya jaribio? Ushauri wa kawaida ni kufanya jaribio dogo la awali. Ushauri ni mzuri kwa mambo mengi, kama kujua mizani inafanya kazi na wafanyakazi wanaelewa karatasi za kujaza, lakini kwa kukadiria mkengeuko hautoshi kama watu wanavyoamini. Ukweli ukiwa gramu 200, kuku kumi wa majaribio wanaweza kukuonyesha mkengeuko wowote kati ya 110 na 290 hivi bila kuwa na kitu chochote cha ajabu. Aliyeonyeshwa 110 atanunua kuku 20 hivi kila kundi na kwenda zake akiwa na amani. Afadhali kutumia rekodi za misimu iliyopita, za mashamba mengi, na ukiwa na makadirio mawili yanayopishana uchukue lile kubwa. Kama ulipanga kwa 200 na kuku wakatoka na mkengeuko wa 260, nguvu yako ya asilimia 80 imeshuka hadi 58 bila wewe kufanya kosa lolote siku ya kupima.

Makadirio haya yanapokosea kwenye tiba ya binadamu, mambo huwa mazito zaidi, na mfano mmojawapo ulitokea hapa hapa kwetu. Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto waliofikishwa wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, kundi moja albumini na jingine maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka. Kipimo hakikuwa gramu bali kifo ndani ya saa 48.

Kipimo kinapokuwa ndiyo au hapana, mkengeuko haukadiriwi peke yake. Unatokana na kiwango chenyewe cha vifo, kwa hiyo kinachobashiriwa ni kiwango hicho. Wapangaji walibashiri kwamba katika kundi lisilopewa maji ya haraka watafariki watoto 15 kati ya 100, wakafikia jumla ya watoto 2,880. Baada ya kuanza ikaonekana vifo ni vichache kuliko ilivyodhaniwa. Unaweza kufikiri vifo vikipungua na kazi inapungua. Inaongezeka. Tiba inayopunguza vifo kwa theluthi, kiwango kikiwa asilimia 15, inavishusha hadi 10, tofauti ya alama tano. Kiwango kikiwa asilimia 11, theluthi ileile ni alama tatu na theluthi mbili tu. Kwa hesabu yetu ya kawaida ya makundi mawili, kiwango cha asilimia 5 na nguvu ya asilimia 80, hali ya kwanza inahitaji watoto kama 680 kila kundi na ya pili inakaribia 1,000. FEAST yenyewe ilikuwa na makundi matatu na masharti zaidi, kwa hiyo namba zake si hizi hasa, lakini zilisogea upande huohuo: mwaka 2010 walipandisha lengo kutoka 2,880 hadi 3,600.

Hawakufika 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilishauri usajili usimamishwe, watoto wakiwa 3,141. Katika makundi yaliyopewa maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3. Hesabu ya nguvu ilikuwa imefanywa kutafuta kama maji yanaokoa, na jaribio likagundua kwamba yanaua.

Kuna fundisho la kiufundi hapo ambalo linarudi hadi kwenye kuku. Ule mpaka wa 1.96 unatazama pande zote mbili: cha nyumbani kuzidi cha dukani, au kinyume chake. Mtu mwenye haraka atakwambia, “Mzee, mimi najua cha nyumbani hakiwezi kuwa kibaya zaidi, nitazame upande mmoja tu.” Akifanya hivyo mpaka unashuka hadi 1.64, na kuku 64 wanakuwa 51. Ni akiba ya kuvutia. Ila kabla ya FEAST wengi walikuwa na uhakika kama huohuo juu ya maji ya haraka. Mimi huwa nashuku jaribio lolote la upande mmoja ambalo faida yake pekee ni kupunguza gharama.

Na jaribio lisilogundua kitu nalo lina wajibu wa kueleza lilikuwa na uwezo wa kugundua nini. Mwaka 1978 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa Freiman na wenzake juu ya majaribio 71 ya tiba yaliyokuwa yametangazwa kwamba hayakuonyesha tofauti. Walipoyapigia hesabu, majaribio 50 kati ya hayo yalikuwa madogo kiasi kwamba uwezekano wa kupitwa na tiba inayoboresha matokeo kwa nusu nzima ulizidi asilimia 10. Kutoona tofauti kwa kuku kumi kumi hakumpi mfugaji ruhusa ya kusema vyakula viko sawa.

Limebaki jambo moja, na kwa majaribio ya mifugo ndilo linaloharibu mengi kuliko yote yaliyotangulia. Tuseme mfugaji amesoma mpaka hapa, amenunua vifaranga 128, ameweka 64 kwenye kizimba cha kushoto wale cha dukani na 64 kwenye cha kulia wale cha nyumbani. Idadi ni sahihi, ila amefanya jaribio la kuku mmoja mmoja kwa karatasi tu. Kizimba cha kulia kiko karibu na mlango na kinapata hewa zaidi. Cha kushoto kilipata kuhara wiki ya pili, na ugonjwa ukiingia kizimba hauchagui mmoja, unapita kwa wote. Kuku wa kizimba kimoja wanafanana zaidi kuliko kuku waliookotwa popote, kwa hiyo kuku wa 64 hakuletei habari mpya kama ya wa kwanza. Tena chakula hakikupewa kuku, kilipewa kizimba. Ana vizimba viwili tu, kimoja kila upande, na hakuna hesabu inayoweza kutenganisha chakula na mlango.

Tiba yake ni vizimba vingi vidogo, kila kimoja kikipangiwa chakula kwa kura, na kuongeza kuku kufidia kufanana kwao. Kiasi cha kuongeza kinategemea namba inayopima jinsi kuku wa kizimba kimoja wanavyofanana, kati ya sifuri na moja. Tuseme ni 0.1, na kila kizimba kina kuku 8. Toa mmoja kwenye wanane, zidisha 7 kwa 0.1, jumlisha moja: 1.7. Zile 64 zinazidishwa kwa 1.7 na kuwa 109 kila kundi, yaani vizimba 14 vya kuku wanane wanane. Kwa kuwa sasa tunalinganisha vizimba na si kuku, na vizimba 28 si vingi, inafaa kuongeza kimoja kila upande kuwa 15. Kisha kuna vifo vya kawaida vya vifaranga, ambavyo kila mfugaji anavijua kwa banda lake, na unaviongeza juu ya hapo.

Mwanafunzi wa mifugo anayeandika utafiti wake wa shahada hana vizimba 30. Ana vinane, vinne kila upande, na msimamizi wake anajua. Kwake hesabu inapigwa kinyumenyume: badala ya kuuliza idadi, anauliza kwa vizimba hivi vinane naweza kuona tofauti gani? Wastani wa kizimba cha kuku wanane, kwa mkengeuko wetu na ule ufanano wa 0.1, unatawanyika kwa gramu 92. Kosa sanifu la tofauti kwa vizimba vinne vinne ni 65. Na kwa vizimba vichache hivyo ile 2.8 haifai tena, inapanda hadi karibu 3.35. Zidisha, unapata takriban gramu 220.

Kwa hiyo jaribio lake linaweza kutofautisha chakula kizuri na chakula kilichochacha, na si zaidi ya hapo. Akishalijua hilo mapema, ana njia kadhaa: afuge awamu tatu au nne mfululizo kwenye vizimba vilevile na kupiga kura upya kila awamu, aungane na wenzake wa vyuo vingine wenye vizimba vyao, au abadilishe swali na kupima kitu chenye mtawanyiko mdogo. Akilijua baada ya kupima, atakuwa na gramu 90 za tofauti asizojua azifanyie nini, na kuku watakuwa wameshauzwa.